Krimu ya Siagi: Sukari Kiasi Gani, na Itatosha Keki Nzima?

Mapishi mengi ya krimu ya siagi husema sukari ya aisingi iwe mara mbili ya siagi. Mara nyingi hayasemi kama ni mara mbili kwa uzito au kwa vikombe, na hapo ndipo wapishi wengi hukwama. Kikombe cha kupimia kikijaa siagi kina gramu 227 hivi, lakini kikijaa sukari ya aisingi kina takriban gramu 120 tu. Kwa hiyo ukitia vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha siagi, kwa uzito umechanganya karibu sawa kwa sawa. Krimu hiyo ni tamu kwa kijiko na ladha ya siagi inasikika vizuri, lakini ukiipaka ubavuni mwa keki inateleza kwenda chini. Ili upate mbili kwa moja halisi, unahitaji karibu vikombe vinne. Mizani ndogo ya jikoni inamaliza mkanganyiko wote huo.

Sukari ndiyo inayoisimamisha krimu. Siagi ina maji kama asilimia 16, na maji huyeyusha sukari ya kiasi cha mara mbili hivi ya uzito wake. Gramu 350 za siagi zina maji ya gramu 56, yanayotosha kuyeyusha gramu 110 tu kati ya 700 utakazotia. Sukari nyingine yote inabaki punje laini zilizotapakaa ndani ya mafuta, na punje hizo ndizo zinazoipa krimu ugumu. Ukifika tatu kwa moja inakuwa ngumu sana: nzuri kwa maua madogo, lakini ukiipaka juu ya keki hukauka usoni na kupasuka, na utamu wake huficha ladha nyingine zote. Kwa kujaza na kufunika keki, mimi nabaki kwenye mbili kwa moja.

Sasa kiasi. Chukua keki ya duara yenye upana wa sentimita 20, matabaka matatu, kimo sentimita 12. Uso wa juu ni 3.14 × 10 × 10, yaani sentimita za mraba 314. Ubavu ni 3.14 × 20 × 12, kama 754. Katikati kuna nafasi mbili za kujaza, kila moja 314, jumla 628. Ukijumlisha vyote unapata karibu 1,700. Krimu ya unene wa nusu sentimita kila mahali ni sentimita za ujazo 850, na kwa kuwa krimu iliyopigwa ni nyepesi kidogo kuliko maji, gramu 850 zinatosha.

Lakini usitengeneze hizo tu. Kuna mpako mwembamba wa kwanza unaoshika makombo, kuna krimu inayokwanguliwa wakati wa kusawazisha ubavu, na inayobaki kwenye bakuli. Ndiyo maana natumia siagi gramu 350 na sukari gramu 700, jumla kilo moja na kidogo. Maua ya kuchora pembeni yapigiwe hesabu yake; mviringo wa maua madogo juu unaweza kula gramu 200 nyingine.

Mteja akitaka keki ya sentimita 25 yenye kimo kilekile, wengi huongeza robo tu, kwa sababu upana umeongezeka robo. Watapungukiwa. Ubavu kweli huongezeka robo, lakini uso wa juu na nafasi za kujaza huongezeka zaidi ya nusu. Jumla inapanda kwa asilimia 40 hivi, kwa hiyo andaa siagi gramu 500 na sukari kilo moja.

Piga siagi peke yake mpaka iwe nyeupe, kisha tia sukari iliyochekechwa kwa mafungu. Maziwa yawe ya mwisho, kijiko kimoja kimoja, kwa sababu kila kijiko kinayeyusha punje nyingine na kulegeza krimu. Inua mwiko: ncha ikisimama na kupinda kidogo kileleni, iko tayari. Ikianguka yote na kung'aa kwa mafuta, siagi imepata joto. Usikimbilie kuongeza sukari. Weka bakuli kwenye friji dakika 15, upige tena.

Majarini laini za kupaka mkate mara nyingi zina maji mengi kuliko siagi, hivyo krimu yake hulegea kwa vipimo vilevile. Ukilazimika kuzitumia, acha maziwa kabisa. Na kwa sherehe ya mchana Mombasa au Dar es Salaam, kumbuka siagi huyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35, na hulegea mapema zaidi. Hapo badilisha theluthi ya siagi kwa mafuta magumu ya mimea, na keki itoke kwenye friji karibu na saa ya kukatwa.