Stokastiki ikivuka 80, bei bado inaweza kupanda

Chini ya chati nyingi za bitkoini kuna mstari unaopanda na kushuka kati ya 0 na 100. Huo ni stokastiki, kipimo kilichoenezwa na Mmarekani George Lane tangu miaka ya 1950. Wengi hufundishwa kwamba ukivuka 80, bei imepanda kupita kiasi, basi uza. Ukishuka chini ya 20, nunua. Ushauri huo hufaa katika soko la aina moja tu. Katika soko la aina nyingine, humtoa mtu mapema mno.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tafuta bei ya juu kabisa na ya chini kabisa ya siku 14 zilizopita, kisha uulize bei ya leo ya kufungia imesimama wapi kati ya hizo mbili. Ikiwa juu kabisa, kipimo ni 100. Ikiwa katikati, 50. Kripto haifungi duka, kwa hiyo katika majukwaa mengi siku huhesabiwa imekwisha saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Kipimo hakijui thamani ya bitkoini wala kama ni ghali. Kinachojua ni mahali bei ilipo ndani ya siku zile 14, basi.

Katika sehemu kubwa ya Juni na Julai 2020, bitkoini ilizunguka kati ya dola 9,000 na 10,000 hivi. Ikifunga 9,850 ndani ya mipaka hiyo, kipimo husoma karibu 85. Katika soko kama hilo, 85 ina maana ya kweli: umekaribia dari ambako wauzaji wamekuwa wakijitokeza, na nafasi iliyobaki juu yako ni ndogo. Kuuza hapo ni busara, hasa mstari ukianza kugeuka na kushuka chini ya 80.

Sasa tazama Desemba mwaka uleule. Tarehe 16 bitkoini ilivuka 20,000 kwa mara ya kwanza, na kesho yake ikafunga karibu na 22,800. Bei ya chini kabisa ya siku 14 ilikuwa takriban 17,600, ya juu 23,700. Kipimo kikasoma 85, namba ileile ya kiangazi. Tarehe 20 bei iligusa kama 24,200, na tarehe 21 ikarudi kufunga palepale karibu na 22,800. Safari hii kipimo kilisoma takriban 79. Bei haikuwa imeshuka hata kidogo ikilinganishwa na siku nne nyuma. Kilichosogea ni dari ya hesabu. Lakini aliyefuata kanuni aliona mstari umevuka 80 kwenda chini, akauza. Tarehe 8 Januari 2021 bei ilikaribia 42,000.

Bei inapopanda kwa mfululizo, ni lazima ifunge karibu na kilele cha siku zake za karibuni mara kwa mara. Ndiyo maana stokastiki hukaa juu ya 80 kwa muda mrefu. Hapo ni nguvu ya wanunuzi inayoonekana, na kuiita dalili ya uchovu ni kuisoma kinyume.

Kabla ya kukitazama kipimo, basi, angalia mabonde ya bei yenyewe. Bonde la tarehe 11 Desemba lilikuwa 17,600. La tarehe 21, karibu 21,900. La tarehe 4 Januari, karibu 28,000. Kila bonde liko juu ya lililotangulia: hilo ni soko lenye mwelekeo. Mabonde yakilala usawa mmoja na vilele vivyo hivyo, soko linazunguka. Katika soko linalopanda, mimi ningeweka mlango wa kutokea chini ya bonde la mwisho na kusubiri siku ifunge chini yake. Januari 2021 bei ilianguka hadi karibu 30,000 ndani ya siku tatu tu baada ya kilele, na baadaye mwezi huo ikagusa chini ya 29,000, lakini haikufunga chini ya 28,000. Februari ilivuka 50,000.

Njia hii ina gharama yake. Kuona 42,000 ikigeuka 30,000 huku umekaa kimya kunauma, na anayehitaji fedha hizo kwa karo au kodi hawezi kuvumilia hivyo. Auze sehemu mapema. Pagumu zaidi ni pale soko linapobadilika. Tarehe 1 Juni 2020 bei ilifunga juu kidogo ya 10,000, kesho yake ikasukumwa chini tena. Tarehe 27 Julai ikavuka tena, ikafunga karibu na 11,000, na safari hiyo haikurudi haraka. Siku zote mbili kipimo kilikuwa juu, kwa hiyo hakikuweza kuzitofautisha. Kilichozitofautisha ni siku zilizofuata: mara ya pili bei iliendelea kufunga juu ya dari ya zamani.