Ramani ya hadithi na utando wa mawazo

(Mazungumzo ya redio ya juma hili, kama yalivyosomwa)

Ndugu msikilizaji, nikuulize swali. Umewahi kumwona mwanafunzi akijiandaa kwa mtihani? Anakaa chini ya taa, daftari mbele yake, midomo ikichezacheza. Anasoma ukurasa, anaurudia, anaurudia tena. Ukimwuliza amesoma nini atakuambia, "Nimesoma zebaki." Mwulize zebaki inafanya nini, atakujibu, "Inaleta magonjwa." Hapo ndipo anapoishia.

Siku za karibuni nilikuwa safarini Shinyanga, kisha nikavuka kwenda upande wa Geita. Kote huko nilikaa na vijana wa ukoo wetu waliokuwa wakijiandaa na mitihani. Leo nataka tuzungumze juu ya michoro miwili tuliyoichora nao mezani. Mmoja ni ramani ya hadithi, wa pili ni utando wa mawazo. Vifaa vyake ni karatasi moja, penseli, ufutio na kalamu nyekundu.

Tuanze Shinyanga. Binti wa kaka yangu alikuwa na kitabu cha Takadini, riwaya ya Ben Hanson, ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa vitabu teule vya Kiswahili sekondari. Kwa asiyeijua, ni hadithi ya mama aitwaye Sekai, mke wa Makwati, aliyekaa miaka mingi bila mtoto. Mwishowe anajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila za pale kijijini zinataka mtoto huyo auawe. Sekai anamtwaa mwanawe na kukimbia, hata anafika kijiji kingine anakopewa hifadhi na mganga mzee Chivero.

Ramani ya hadithi ina visanduku vichache tu. Cha kwanza ni cha wahusika, cha pili ni cha mahali na wakati. Kisha kinafuata kisanduku cha tatizo, chini yake visanduku vitatu au vinne vya hatua zilizochukuliwa, na mwisho suluhisho. Binti akajaza upesi upesi. Kwenye tatizo akaandika: "Takadini amezaliwa na ulemavu wa ngozi." Kwenye suluhisho akaandika: "Takadini anakubalika na anaoa."

Nikamwambia, hebu soma visanduku hivyo viwili kwa sauti, kimoja baada ya kingine. Akasoma. Nikamwuliza, "Je, mwishoni mwa kitabu ngozi ya Takadini imebadilika?"

"Haijabadilika, ba'mdogo."

"Sasa kama tatizo lilikuwa ngozi, na ngozi ipo vile vile, limetatuliwaje?"

Akanyamaza. Nikamwuliza tena, kama mtoto yule angezaliwa katika kijiji ambacho hakuna anayejali rangi, Sekai angekimbia? Akasema asingekimbia. Akachukua ufutio bila kuambiwa. Safari hii akaandika: "Mila inaamuru mtoto mwenye ualbino auawe." Mara hatua zikaanza kukaa sawa: mama anakaidi mila, anakimbia, anapokelewa na mzee mmoja huku wengine wakinung'unika, kijana anakua na kujifunza mpaka Shingai anampenda licha ya masengenyo. Na suluhisho likalijibu tatizo.

Hiyo ndiyo kanuni ya kukagua ramani ya hadithi, na sijui nyingine iliyo bora kuliko hiyo. Kisanduku cha mwisho lazima kikijibu kile cha tatizo. Kisipokijibu, kimojawapo ni kosa, na mara nyingi ni kile cha tatizo. Mwanafunzi anayenakili muhtasari wa mtu mwingine hakutani na kosa hilo, kwa kuwa muhtasari haumlazimishi kuamua.

Na msikilizaji, pale Shinyanga kosa hilo si la alama za mtihani peke yake. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 Kanda ya Ziwa ilitikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino. Shule ya Buhangija, katika manispaa hiyo hiyo, ilijikuta ikiwahifadhi watoto waliokimbizwa kutoka vijijini mwao. Kijana anayeandika kwamba tatizo ni ngozi ya mtoto ameandika, bila kujua, maneno yale yale ya watu waliomfukuza Sekai.

Sasa tuvuke Geita. Huko kitabu cha hadithi hakikuwepo. Kulikuwa na kifungu cha habari cha somo la sayansi kuhusu uchenjuaji wa dhahabu, na kijana mwenyewe, mtoto wa dada yangu, ana kaka anayefanya kazi kwenye mwalo. Kwa maelezo ya namna hiyo ramani ya hadithi haifai, maana hakuna mhusika wala mwisho. Hapo ndipo unapotumika utando wa mawazo, ambao Profesa Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani waliutengeneza katika miaka ya 1970 ili kufuatilia jinsi watoto wanavyoelewa sayansi.

Kifungu chenyewe kilisema hivi kwa ufupi. Mawe husagwa kwenye karasha, unga wake ukaoshwa kwa maji. Mchanga mzito unaobaki huchanganywa na zebaki kwenye beseni, na zebaki huishika dhahabu ikawa donge. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa. Moto huigeuza zebaki kuwa mvuke, dhahabu ikabaki. Anayeuvuta mvuke huo hudhurika mishipa ya fahamu na figo. Zebaki nyingine hubaki kwenye marudio, huoshwa na mvua mpaka mtoni, na huko vijidudu vya majini huigeuza kuwa aina kali zaidi inayojikusanya katika miili ya samaki.

Kijana akachora duara katikati, akaandika ZEBAKI. Akazungusha mistari minane kama miale ya jua: karasha, beseni, moto, mvuke, samaki, figo, mto, marudio. Akaniangalia kwa fahari. Nikamwambia, mjomba, hilo ni jua, si utando. Hamisha "samaki" uweke mahali pa "moto", na "moto" mahali pa "samaki". Je, kuna kilichoharibika? Hakuna. Kama maneno yanaweza kubadilishana nafasi na mchoro ukabaki vile vile, basi mchoro haujasema kitu.

Dawa yake ni kitenzi. Kila mstari uwe mshale, na juu ya kila mshale pawe na neno la kutenda. Ukimaliza, soma kila mshale kama sentensi. Moto hugeuza zebaki kuwa mvuke. Mvuke huvutwa na mchomaji. Zebaki hubaki kwenye marudio. Mvua huosha marudio kwenda mtoni. Mshale usiosomeka kama sentensi, ufute.

Alipoanza kutafuta vitenzi, jua lake lilivunjika. Akagundua kwamba kutoka kwenye zebaki kuna njia mbili, si moja. Njia ya kwanza hupita motoni, ikawa mvuke, ikaingia mapafuni mwa mchomaji na wote walio karibu naye, siku hiyo hiyo. Njia ya pili hupita kwenye marudio, ikaingia mtoni, ikamfikia mla samaki ambaye pengine hajawahi kuiona dhahabu, tena baada ya muda mrefu. Katika daftari lake njia zote mbili zilikuwa zimelala ndani ya sentensi moja: "Zebaki husababisha magonjwa kwa binadamu."

Nikamjaribu kwa swali ambalo kifungu hakikulijibu. Kuna chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, ambacho hunasa mvuke wakati wa kuchoma na kuurudisha kuwa zebaki. Je, chombo hicho kitamsaidia mla samaki? Akafuata mishale kwa kidole. Akasema, "Kinakata njia ya moshi, mjomba. Ile iliyokwisha kubaki kwenye marudio hakiigusi." Jibu hilo hakulisoma popote. Alilipata kwenye mchoro wake.

Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, iwapo mtu anachomea jikoni wakati wengine wanapika, mshale uende wapi. Nilimwambia auchore uendako. Jioni ile alikwenda kuzungumza na kaka yake, na yaliyosemwa huko ni ya kwao.

Nirudi kwenye uchoraji, kwa maana hapa ndipo wengi wanapopoteza faida yote. Wanachora kitabu kikiwa wazi, jicho kwenye ukurasa, mkono kwenye karatasi. Mchoro unatoka mzuri, na kichwani hakuna kitu. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Purdue, Jeffrey Karpicke na Janell Blunt, walilinganisha wanafunzi waliochora utando huku habari iko mbele yao na wengine waliosoma, wakaiweka kando, wakaandika wanachokumbuka. Baada ya juma moja wale waliofunga kitabu walifanya vizuri zaidi, hata pale mtihani wenyewe ulipokuwa wa kuchora utando!

Kwa hiyo tusiutupe utando. Tuufungie kitabu. Soma kifungu mara mbili, kifunge, chora kwa penseli kwa muda wa dakika kumi hivi kutoka kichwani. Kisha fungua na uongeze kwa kalamu nyekundu yote uliyoyasahau au kuyakosea. Hiyo nyekundu ndiyo ya kudurusu. Ya penseli tayari unayo. Baada ya siku mbili chukua karatasi tupu uchore upya. Wino mwekundu ukipungua, unakwenda vizuri. Ukibaki pale pale kwenye mshale ule ule, hujauelewa mshale huo, nenda kamwulize mwalimu. Na usijaze maduara thelathini: yakizidi kumi au kumi na mawili, ligawe somo karatasi mbili.

Kuna kikwazo kimoja cha kwetu. Kijana wa sekondari husoma sayansi kwa Kiingereza na kuifikiri kwa Kiswahili, pengine kwa Kisukuma. Nilichoona mezani ni kwamba majina ndani ya maduara huyakumbuka kwa Kiingereza bila shida, kwa kuwa ameyakariri. Vitenzi ndivyo vinavyomkwamisha. Basi aandike vitenzi kwa Kiswahili kwanza, mpaka mishale yote isomeke. Siku ya pili avigeuze kuwa Kiingereza, kimoja kimoja, maana mtihani utamdai sentensi nzima. Yule kijana wa Geita alikuwa na mishale kumi na moja. Vitenzi saba alivigeuza mwenyewe, vinne ilibidi tuvitafute kwenye kamusi, na hivyo vinne ndivyo alivyoviandika kwa wino mwekundu.

Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.