Zege la Kilo Linapopimwa kwa Ndoo

Mhandisi anapoandika mchanganyiko wa zege, huuandika kwa kilo. Fundi anapouchanganya, mara nyingi mkononi ana ndoo. Kwa mfano, zege la nguzo na jamvi la nyumba ya kawaida linaweza kuandikwa hivi kwa kila mita moja ya ujazo: saruji kilo 350, mchanga mkavu kilo 700, kokoto kilo 1,150 na maji lita 190. Saruji huuzwa kwa mifuko ya kilo 50, kwa hiyo hesabu huanza kwa kugawanya kila kitu kwa 7. Mfuko mmoja unahitaji mchanga kilo 100, kokoto kilo 164 na maji lita 27. Kwa uzito, huo ni uwiano wa 1 kwa 2 kwa 3.3.

Kosa linalofanyika sana ni kuuchukua uwiano huo na kuuhamishia kwenye ndoo kama ulivyo: ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, tatu na kidogo za kokoto. Ndoo hupima nafasi, haipimi uzito, na ndoo tatu zenye vitu vitatu tofauti haziwi na uzito mmoja. Kinachounganisha kilo na ndoo ni uzito wa ujazo, yaani uzito wa lita moja ya kitu jinsi kilivyomwagwa, pamoja na hewa iliyo kati ya punje zake. Jiwe zima huwa na takriban kilo 2.7 kwa lita, lakini jiwe hilo likishasagwa kuwa kokoto, lita moja hubeba kilo 1.4 au 1.5 tu, kwa sababu karibu nusu ya nafasi ni hewa.

Uzito huo haufai kunakiliwa kutoka kitabuni ikiwa mizani inapatikana hata kwa saa moja. Ndoo ya rangi iliyoandikwa lita 20 inaweza kubeba zaidi ikijazwa hadi ukingoni, kwa hiyo kwanza hupimwa tupu, kisha hupimwa ikiwa na maji. Kilo moja ya maji ni lita moja, na kilo zinazoongezeka ndizo lita za ndoo. Baada ya hapo hujazwa kokoto kwa beleshi, bila kushindiliwa wala kutikiswa, na sehemu ya juu hukatwa sawa kwa ubao ulionyooka. Hupimwa mara tatu na kuchukuliwa wastani. Jambo la msingi ni kwamba ndoo ya kipimo ijazwe vilevile kama itakavyojazwa siku ya kazi, kwa kuwa ndoo yenye kilele au iliyotikiswa hubeba kilo kadhaa zaidi.

Tuseme ndoo ni ya lita 20 kamili na kokoto zimetoa kilo 29, sawa na kilo 1.45 kwa lita. Kilo 164 zikigawanywa kwa 1.45 hupatikana lita 113, ambazo ni ndoo tano na theluthi mbili. Theluthi hizo mbili hazipimwi kwa macho. Ndoo nyingi ni pana juu kuliko chini, hivyo theluthi mbili za kimo si theluthi mbili za ujazo. Humiminwa maji lita 13.3 katika ndoo nyingine ya aina ileile, na mstari wa rangi huchorwa ndani yake pale maji yalipofika.

Mchanga ndio wenye matata. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba, kwa sababu utando wa maji unaozunguka kila punje huzisukuma punje zisikaribiane. Ndoo iliyobeba kilo 31 za mchanga mkavu inaweza kubeba kilo 26 tu za mchanga huohuo ukiwa na unyevu, ijapokuwa ndani yake kuna na maji. Ukilowa kabisa, utando hupotea na mchanga hushuka tena karibu na ujazo wake wa ukavu. Mchanga laini huvimba kuliko mchanga wa chenga.

Ili kujua unyevu, kilo moja ya mchanga kutoka ndani ya lundo hukaangwa kwenye karai juu ya jiko, huku ukikorogwa, hadi kipande cha kioo kikishikwa juu yake kisipate ukungu. Ukibaki gramu 952, maji yaliyotoka ni gramu 48, yaani asilimia 5 ya mchanga mkavu. Kwa hiyo kilo 100 za mchanga mkavu zinapatikana ndani ya kilo 105 za mchanga wa lundo hilo. Kilo 105 zikigawanywa kwa kilo 26 za kila ndoo, jibu ni ndoo nne. Aliyetumia uzito wa mchanga mkavu angepata ndoo tatu na robo, na zege lake lingepungukiwa moja ya tano ya mchanga. Zege la namna hiyo huonekana kwa macho: kokoto hujitenga, na mbao zikibanduliwa nguzo huwa na matundu hadi kwenye nondo.

Maji nayo hurekebishwa. Kilo 5 zilizomo mchangani ni lita 5 ambazo tayari zimo kwenye zege, hivyo kati ya lita 27 huongezwa 22 tu: ndoo moja na lita 2. Zikimiminwa zote 27, maji hufika lita 32 kwa mfuko, yaani kutoka 0.54 hadi 0.64 ya uzito wa saruji. Zege litakuwa jepesi kusambaza, lakini nguvu yake itashuka sana.

Saruji haipaswi kuchotwa kwa ndoo hata kidogo. Mfuko uliolaliwa na mingine huwa umeshikana, na saruji ikimwagwa huingiza hewa. Lita moja ya saruji iliyochotwa inaweza kuwa kilo 1.2, ilhali vitabu vingi huhesabu 1.44. Mfuko mzima ndicho kipimo cha kuaminika, na nusu mfuko ikihitajika hupimwa kwa mizani. Ndoo ya saruji ya kilo 24 ikichanganywa na ndoo 3.3 za kokoto, uwiano wa saruji kwa kokoto huwa 1 kwa 4 badala ya 3.3.

Baada ya hesabu, mfuko mmoja unakwenda na ndoo nne za mchanga, ndoo tano na theluthi mbili za kokoto, na maji lita 22. Ndoo hizo ni za lundo lile na siku ile. Mvua ikinyesha, lori jipya likishusha mchanga, au kokoto zikitoka machimbo mengine, upimaji hurudiwa. Zege la nguvu kubwa, kama la madaraja, hupimwa kwa mizani moja kwa moja.

Njia ya kuhakiki ni kuhesabu mifuko. Viungo vya mfuko mmoja vikipimwa kila kimoja peke yake huzidi lita 240, lakini zege linalotoka ni kama lita 143, kwa kuwa mchanga hujaza nafasi za kokoto, na saruji na maji hujaza za mchanga. Mita moja ya ujazo inapaswa kumaliza mifuko 7. Ikimaliza 6 tu, kokoto au mchanga umezidi; ikifika 8, vimepungua, na ndoo zipimwe upya kabla ya kuendelea kumwaga.