Elfu ishirini au elfu kumi na tisa mia tisa? Mkia wa bei na imani ya mteja

Binamu yangu anauza viatu vya mtumba Mang'ula. Siku ya gulio anavitandika chini kwenye turubai, siku nyingine anapiga picha na kuziweka kwenye kundi la WhatsApp lenye watu wa Mang'ula, Kidatu mpaka Ifakara. Mwezi fulani alisikia kwamba maduka makubwa ya mijini huandika bei zenye tisa mwishoni, basi raba zake za elfu ishirini akaziandika 19,900.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Ifakara. Alipenda raba, akaomba namba ya kulipia. Binamu akajibu kama tunavyojibu wote: "Tuma na ya kutolea." Mama akaandika: "Mdogo wangu, 19,900 na ya kutolea si inapita elfu ishirini? Ungesema tu mapema." Kisha kimya. Raba zikabaki.

Binamu akanipigia. "Dada, wewe si ndiye unayesoma mambo ya masoko? Hii tisa inafukuza wateja au inavuta?" Nilikuwa na jibu la darasani, ila halikutosha. Ikabidi nirudi kwenye tafiti nikiwa na turubai lake kichwani.

Tisa inafanya nini kichwani?

Tunasoma namba kuanzia kushoto, na akili inaanza kupima ukubwa kabla hatujafika mwisho. Mwaka 2005 Manoj Thomas na Vicki Morwitz walionyesha kwamba dola 2.99 inahisiwa kuwa ndogo kuliko dola 3.00 kwa kiasi kisicholingana na senti moja inayozitenganisha. Lakini 3.59 na 3.60 hazikuleta hisia hiyo, ingawa nazo zimetengana kwa senti moja. Siri basi haiko kwenye tisa yenyewe. Iko kwenye tarakimu ya kwanza kushoto, ambayo imeshuka kutoka 3 hadi 2.

Kwa Kiswahili ni vilevile, maana ukubwa tunautaja kwanza. 9,900 inaanza na "elfu tisa", 10,000 inaanza na "elfu kumi". Viatu vya 20,000 vikiandikwa 19,900 vinatoka kwenye ishirini na kuingia kwenye kumi na kitu. Lakini ukishusha 23,600 iwe 23,500 umetoa mia moja ileile, na mteja hana sababu ya kuhisi chochote. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: hiyo mia moja ninayoitoa inabadilisha neno la kwanza la bei? Kama haibadilishi, umeitoa bure.

Je, inauza kweli? Eric Anderson na Duncan Simester walijaribu Marekani kwa kampuni iliyouza nguo kwa katalogi za posta. Gauni lilelile liliandikwa bei tatu katika matoleo tofauti: dola 34, 39 na 44. Kwa 34 yaliuzwa 16, kwa 39 yaliuzwa 21, kwa 44 yaliuzwa 17. Yaani 39 iliuza kuliko bei iliyo chini yake! Matokeo yao yalitoka mwaka 2003, na ndani yake kuna jambo ambalo wengi hulipita: nguvu ya tisa ilikuwa kubwa zaidi kwa bidhaa mpya ambazo wateja hawakuwahi kuziona. Mtu asiyejua bei halali ya kitu hutafuta dalili, na tisa inamnong'oneza "hii ni ofa".

Hapo ndipo Mang'ula inapoachana na katalogi. Bei ya kilo ya mchele au sukari watu wanaijua kichwani, kwa hiyo tisa haina cha kuwanong'oneza. Raba za mtumba ni tofauti kidogo, kila pea ni mgeni. Lakini mtumba una kitu ambacho katalogi haina: maongezi.

Pale bei inapojadiliwa

Kwenye katalogi unalipa kilichoandikwa. Kwa binamu yangu, bei iliyoandikwa ni salamu tu, mazungumzo yanafuata. Utafiti unaofanana zaidi na hali hiyo ni wa Matthew Backus, Thomas Blake na Steven Tadelis, uliochapishwa 2019. Waliangalia soko la mtandaoni la eBay, upande ule ambao mnunuzi anaruhusiwa kutaja bei yake. Wakalinganisha vitu vilivyoandikwa bei nzima, yaani mamia kamili ya dola, na vile vilivyoandikwa bei za jirani zenye tarakimu za kuchongwa.

Wauzaji wa bei nzima walipata ofa za chini kwa asilimia 5 hadi 8. Lakini ofa hizo zilikuja mapema kwa siku 6 hadi 11, na vitu vyao vilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuuzika, kwa asilimia 3 hadi 5. Bei nzima ilikuwa ujumbe: "Nataka kuuza haraka, njoo tuongee." Bei ya kuchongwa ilisema: "Nimepiga hesabu, nina muda wa kusubiri." Wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Mwenye shida ya hela leo anafaidika na bei nzima, asiye na haraka anafaidika na ile nyingine.

Asilimia hizo usizihamishe moja kwa moja kutoka eBay kwenda kwenye gulio. Ila mantiki yake ukiipeleka sokoni inaeleweka bila mwalimu. Ukisikia "elfu ishirini", mdomo wako unajibu wenyewe "bei ya mwisho?" Ukisikia "kumi na nane na mia tano", unasita, unahisi chini yake kuna hesabu ya mtaji na nauli. Na 19,900? Hiyo imekaa vibaya katikati. Haionekani kama hesabu, na haikaribishi maongezi waziwazi. Mteja aliyezoea kujadiliana anajua imeandikwa kwa ajili ya macho yake.

Imani inavunjikia wapi

Sasa turudi kwa yule mama wa Ifakara. Hakukasirishwa na tisa. Alikasirika kwa sababu bei aliyoahidiwa na pesa ambayo ingetoka kwenye simu yake vilikuwa vitu viwili. Ada ya kutoa pesa kwa wakala inaizidi kwa mbali ile mia moja aliyopunguziwa. Angeandikiwa 20,000 kisha akaambiwa aongeze ya kutolea, angenung'unika kidogo. Kwa 19,900 alijiona anachezewa, kwa sababu bei yenyewe ilijinadi kuwa chini ya ishirini.

Kwa pesa taslimu kuna mtego wake. Ukiandika 9,999, hakuna wa kurudisha shilingi moja. Sarafu unazokutana nazo sokoni zinaanzia 50 na 100, kwa hiyo mteja atatoa noti ya elfu kumi na biashara itaishia hapo, au atapewa pipi badala ya chenji. Bei isiyoweza kulipwa kama ilivyoandikwa ni ahadi ambayo muuzaji anajua hataitimiza. 9,900 inalipika, mradi una sarafu za mia mfukoni asubuhi ya gulio. Ukisema "chenji sina" mara tatu, mia zako za ofa zimekuwa deni la jina lako.

Utajuaje kwenye biashara yako?

Nilimwambia binamu ajaribu mwenyewe, kwa daftari. Kwanza achague pea za gredi moja. Kwa kila pea arushe sarafu: ikiangukia kichwa aandike 20,000, ikiangukia upande wa pili aandike 19,900. Sarafu inamzuia asiziwekee pea nzuri bei anayoipenda. Pia inamlinda na msimu, maana akiuza kwa bei moja wakati wa mavuno ya mpunga na kwa nyingine wakati wa njaa, atakuwa amepima mifuko ya watu, si mkia wa bei. Sharti moja: pea moja isitajwe bei mbili kwa watu wawili. Watu wa kundi moja wanaambiana, na hapo utaua imani unayotaka kuipima.

Daftarini kila pea iwe na mambo manne: bei iliyotangazwa, siku ilizokaa, pesa iliyolipwa mwishoni, na kama mteja alikubali kutuma pesa kabla ya kuona kiatu kwa macho. Hilo la mwisho ndilo kipimo cha imani. Mtu anaweza kununua bila kukuamini, kwa kugeuza kiatu mara tano gulioni. Kutuma pesa kutoka Ifakara kwa kiatu cha kwenye picha ni jambo jingine.

Kisha matokeo yasomwe kwa utulivu. Tuseme pea 30 ziliandikwa 20,000 na pea 30 ziliandikwa 19,900. Baada ya wiki moja, za bei nzima zimeuzika 15, za tisa zimeuzika 19. Utashangilia? Subiri. Hata kama bei zote mbili zina nguvu sawa, bahati peke yake inaweza kuleta tofauti ya pea 4 hivi kwenye idadi hiyo. Kanuni ya kawaida ya takwimu ingetaka tofauti ya karibu pea 8 ndipo uanze kuiamini. Kwa muuzaji mdogo maana yake ni kwamba idadi ya mauzo peke yake itachukua miezi mingi kutoa jibu.

Ndiyo maana ile pesa iliyolipwa mwishoni isisahaulike. Kiatu cha 20,000 kilichoshushwa hadi 18,000 hakijauzwa kwa elfu ishirini. Kama daftari linaonyesha kwamba bei nzima inaishia 18,000 kila mara, na 18,500 inalipwa kama ilivyo, basi bei iliyoonekana ndogo ndiyo iliyoleta zaidi.

Daftari la binamu bado lina kurasa chache, kwa hiyo sitakuambia nani ameshinda. Ila jambo moja alilibadilisha siku ileile bila kusubiri takwimu. Gulioni anasema "elfu ishirini, maongezi yapo", maana pale watu wamekuja kuongea. Kwenye kundi la WhatsApp sasa anaandika: "19,500, ya kutolea imo humo humo, haipungui." Akitoa ada, anabaki na pesa ndogo kuliko alivyozoea, na analijua hilo. Lakini mteja akituma 19,500, ndiyo 19,500.