Damu Katika Bomba la Kioo

Leo tutazungumza juu ya kipimo kimoja cha damu, nacho ni kasi ya kuzama kwa chembe nyekundu. Mganga mmoja wa Usweidi, Alf Westergren, alieleza namna ya kukifanya katika mwaka 1921, na njia yake ingali inafuatwa.

Ninyi wa Bujonde mnajua maji ya Mto Songwe wakati wa mafuriko. Ukiyateka katika chupa, mchanga huzama upesi, lakini tope laini hukawia, kwa kuwa punje zake ni ndogo. Damu nayo ni hivyo hivyo. Mtu akiwa na ugonjwa kama kifua kikuu, vitu fulani vya protini huzidi katika maji ya damu yake. Protini hizo hufanya chembe nyekundu zishikamane, moja juu ya nyingine, kama sarafu zilizopangwa. Fungu la chembe ni zito kuliko chembe moja, kwa hiyo huzama upesi.

Fundi wa maabara huchanganya sehemu nne za damu na sehemu moja ya dawa ya sitreti, ili damu isigande. Huivuta katika bomba jembamba la kioo mpaka alama ya 0. Chini ya alama hiyo bomba lina mistari ya milimita hadi 200. Hulisimamisha wima kabisa, akangoja saa moja kamili. Kisha husoma maji meupe ya juu yamefika milimita ngapi.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 40 amekohoa wiki mbili, naye anaogopa kwamba ana kifua kikuu. Fundi anasoma milimita 50. Kwa mwanamke, twaa umri, ongeza 10, kisha gawanya kwa 2. Kwa mama huyu mpaka wake ni 25. Kwa mwanamume, gawanya umri kwa 2 tu. Basi 50 ni nyingi sana. Je, ni kifua kikuu?

Fundi mwangalifu hatazami namba tu, hutazama na bomba. Anaona kwamba limeinama kidogo. Bomba likiinama, chembe huangukia upande wa chini wa kioo na kuteleza, na maji hupanda upande wa juu bila kuzuiwa. Kuinama kidogo tu, hata usikoweza kukuona vema kwa macho, kwaweza kuongeza namba kwa karibu theluthi. Tena bomba limewekwa dirishani penye jua, na joto nalo huongeza kasi. Anachukua damu mpya, analisimamisha bomba wima mahali pa kivuli. Sasa anasoma 38.

Bado ni zaidi ya 25. Basi anapima wekundu wa damu, yaani hemoglobini, akapata gramu 8, na mwanamke asiye mjamzito hutakiwa kuwa na 12 au zaidi. Mama huyu amepungukiwa damu. Chembe zikiwa chache hazisongamani, nazo huzama upesi hata kama hakuna ugonjwa wa kifua. Mimba pia huongeza namba. Makohozi yake yanapimwa, na vidudu vya kifua kikuu havionekani. Choo kinapimwa, na mayai ya safura yanaonekana. Anapewa dawa ya safura na vidonge vya madini ya chuma, na kikohozi kinaendelea kuangaliwa.

Namba yaweza pia kudanganya kwa kuwa ndogo. Mtoto mwenye selimundu ana chembe zilizopinda kama mundu, nazo haziwezi kupangana kama sarafu. Huenda akawa mgonjwa sana, na bomba likaonyesha 5 tu. Damu iliyokaa zaidi ya saa nne katika joto la chumba huzama polepole, kwa sababu chembe zake huviringana. Damu iliyoanza kuganda hufanya vivyo hivyo, maana protini ya kushikamanisha imekwisha kutumika katika bonge. Damu ya namna hii humwagwa, ikachukuliwa nyingine.

Basi kumbukeni: bomba halitaji jina la ugonjwa. Namba kubwa humwambia mganga atafute zaidi, na namba ndogo haimwambii kwamba mgonjwa ni mzima.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini bomba lililoinama huongeza namba?
2. Mwanamume wa miaka 60 amesomewa 28. Mpaka wake ni ngapi?
3. Damu ilitolewa asubuhi, ikapimwa jioni, namba ikawa ndogo. Je, tuiamini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.