Kwa nini matangazo huendelea kuja baada ya kujibu STOP

Mkazi wa Batsinda, jijini Kigali, anaweza kujibu STOP kwa tangazo la duka leo, na wiki ijayo akapokea jingine kutoka duka lilelile. Si lazima mwenye duka awe mkaidi. Huenda tatizo liko katika namna anavyotunza orodha yake ya namba.

Sheria ya Rwanda namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayolinda data binafsi na faragha, inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Utekelezaji wake unasimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao, NCSA.

Tuchukue mfano wa duka la vitenge lenye namba 400 za wateja. Tangazo lake hufika likionyesha jina la duka mahali pa namba ya mtumaji. Jina hilo halipokei majibu, hivyo STOP inayotumwa huko haimfikii mwenye duka. Ni lazima tangazo litaje namba halisi ya kujibia, na majibu yasomwe. Anayeandika "stop", "Hagarika" au "Acha" amesema jambo moja.

Kosa la pili ni kumfuta tu mteja aliyejitoa. Mwezi unaofuata, faili la zamani hupakiwa tena kutoka kompyuta nyingine, na namba yake ikarejea. Dawa ni kuwa na orodha ya pili, ya waliojitoa, isiyofutwa. Kabla ya kila tangazo, orodha ya wateja hulinganishwa nayo, na namba iliyomo katika zote mbili haitumiwi ujumbe.

Ulinganisho huo hushindwa iwapo namba zimeandikwa kwa sura tofauti. Mteja aliandikishwa dukani kama 078xxxxxxx, lakini jibu lake likaingia kama +25078xxxxxxx. Kwa kompyuta, hao ni watu wawili. Excel nayo huweza kudondosha sifuri ya mwanzo. Namba zote zigeuzwe kuwa na sura moja, yaani 25078xxxxxxx. Mwenye duka anaweza kujipima: aiweke namba yake mwenyewe katika orodha, ajibu STOP, kisha atume tangazo jingine. Likimfikia, bado kuna pengo.

Hata asiyejitoa huenda si yule tena. Namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika huweza kugawiwa mtu mwingine. Kwa hiyo, ripoti zikionyesha kwamba ujumbe haukufika mara kadhaa mfululizo, namba hiyo isimamishwe hadi mteja aithibitishe mwenyewe. Vinginevyo, siku moja laini itawashwa na mgeni, naye atasoma jina la mteja wa zamani pamoja na deni lake la kitenge.