Majina ya Ua Bila Mistari Kukatana

Ua la hibiskasi likipasuliwa kwa wembe toka juu hadi kwenye kikonyo, sehemu zake zote huonekana kwa pamoja. Juu kabisa ni stigma, na chini yake ni stameni zilizoota kwenye mrija mmoja. Petali zimetanda pembeni. Chini kabisa, ovari imekumbatiwa na sepali, na hapo ndipo mistari ya kuonyesha majina hukatana mara nyingi.

Ukishamaliza mchoro, usiandike jina lolote kwanza. Weka nukta ndogo ya penseli ndani ya kila sehemu. Kisha piga mstari hafifu wa wima kuliani mwa ua. Majina yote yataanzia hapo, yakiwa yamelala. Yapange kwa kimo: nukta iliyo juu zaidi ipate jina la juu.

Mpangilio huo huondoa migongano mingi, lakini si yote. Chukua nukta ya ovari iliyo sentimita 8 kutoka kwenye safu ya majina, na ya sepali iliyo sentimita 6. Ovari imeizidi sepali kimo kwa milimita 2 tu, kwa hiyo jina lake limetangulia. Lakini majina ya juu yamejaa, hivyo jina la ovari limeshuka sentimita 2 chini ya nukta yake, na la sepali limekaa chini zaidi. Mstari wa ovari ukifika ilipo sepali utakuwa umeshuka milimita 5, na utapita chini ya nukta ya sepali. Mstari wa sepali, ukielekea kwenye jina lake, hauna budi kuukata.

Dawa ni kubadilishana nafasi: sepali iandikwe juu, ovari chini. Pengine mabadiliko hayo yatazua mgongano mwingine na mstari wa tatu. Badilisha tena hao wawili. Hutazunguka bila mwisho, kwa sababu kila mistari miwili iliyonyooka inapokatana, kubadilishana majina hufupisha jumla ya urefu wake. Urefu hauwezi kupungua milele ilhali mipangilio ya majina ina idadi maalumu, kwa hiyo utafika mahali ambapo hakuna unaokatana na mwingine.

Kanuni hii hutaka mistari ipigwe kwa rula, na kuna kasoro moja isiyoizuia: mstari kupita juu ya nukta ya sehemu nyingine, mwanafunzi akadhani unaishia hapo. Ukiona hivyo, sogeza nukta mojawapo bila kuitoa ndani ya sehemu yake. Petali ni pana, hivyo nukta yake husogea kwa urahisi. Stigma ni ndogo, basi iache ilipo na usogeze nyingine. Ndipo upige mistari ya mwisho, bila vichwa vya mishale, na ufute ile ya wima.